Kupima masikio ukiwa mtu mzima: uanze lini, urudie baada ya muda gani

Kama umefika miaka 50 na hujawahi kupimwa masikio kwa mashine, anza mwaka huu, hata kama unasikia vizuri nyumbani na sokoni. Kama unafanya kazi kwenye kelele, miaka yako si kitu cha kuangalia: anza sasa, urudie kila mwaka. Na kama daktari anataka kukupa dawa zinazojulikana kuharibu masikio, kipimo cha kwanza kifanyike kabla ya dozi ya kwanza. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inaeleza namna ya kufuata maneno hayo ukiwa hapa Lubumbashi, ambapo mashine za kupimia ni chache na mtu hawezi kwenda kila anapotaka.

Kwanza tuelewe kwa nini mtu asiyelalamika apimwe.

Sikio la ndani lina chembe ndogo zenye vinyweleo vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Chembe za sauti nyembamba zimekaa mlangoni kabisa, kwa hiyo ndizo zinazochoka kwanza, kwa umri na kwa kelele pia. Zikifa hazioti tena. Sauti nene zinabaki sawa kwa miaka mingi: utasikia lori likipita, utasikia mlango, utasikia mtu akikuita kwa nguvu. Kinachopungua ni s, sh, f, t, k na ch, herufi nyembamba zisizo na nguvu. Mtu mwenye upungufu huo akiambiwa neno moja kwa sauti ya chini, hawezi kujua kama ni saa, taa, paa, kaa au faa, maana a ndiyo anayoisikia vizuri, ile ya mbele imepotea. Lakini maneno hayaji peke yake. Ukiambiwa "washa taa", akili inajaza yenyewe, na midomo ya msemaji inasaidia. Ndiyo sababu mtu anaweza kupoteza usikivu mwingi wa sauti nyembamba huku akiapa kwamba masikio yake ni mazima. Hadanganyi. Upungufu ulikuja polepole mno, hakupata siku ya kulinganisha na siku nyingine.

Wa kwanza kuona huwa ni watu wa nyumbani. Wanaona baba anaongeza sauti ya televisheni, anajibu swali ambalo hakuulizwa, anasema watoto wa siku hizi wananong'ona. Akifika kwangu kupimwa, mara nyingi ameletwa.

Hatua ya kwanza: jiweke kwenye kundi lako

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo wa kupima masikio ya watu wasio na malalamiko. Kwa watu wazima linashauri kuanza kwenye miaka 50, kurudia kila baada ya miaka 5 hadi 64, kisha kuanzia 65 kurudia kila baada ya mwaka 1 hadi 3. Hiyo ndiyo ratiba ninayoifuata kwa mtu asiye na hatari nyingine: mwalimu, muuza nguo, mhasibu, mama wa nyumbani.

Ziko ratiba nyingine. Chama cha wataalamu wa kusikia na usemi cha Marekani, ASHA, kwa muda mrefu kimeshauri kipimo kimoja kila miaka 10 hadi ufike 50, halafu kila miaka 3. Na mwaka huohuo wa 2021, jopo la Marekani linalochunguza faida za vipimo vya kinga lilisema ushahidi bado hautoshi kuamua kama kuwapima watu wote wa miaka 50 na zaidi wasio na dalili kunaleta faida kuliko hasara. Kwa hiyo msomaji asidhani madaktari wote wamekubaliana. Wanakubaliana kwamba upungufu ni mwingi baada ya 60 na kwamba watu wenyewe huchelewa kuutambua. Wanachobishania ni kama kumpima kila mtu kunabadilisha maisha yake baadaye, hasa pale ambapo vifaa vya kusaidia kusikia ni ghali. Mimi nasimama na OMS, kwa sababu kipimo hakiumi, hakihitaji kunywa dawa, na kinachukua nusu saa. Lakini katika mji wenye mashine chache, nafasi ya kwanza ningempa mwenye hatari kabla ya mwenye umri tu. Chini ya 50 na huna hatari yoyote, usisafiri kwa ajili ya kipimo. Nafasi ikijitokeza ukiwa na arobaini na kitu, ichukue, upate namba za kulinganisha baadaye.

Sasa wenye hatari. Kundi kubwa hapa kwetu ni la kelele. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, na mpaka unaotumika katika kazi nyingi duniani ni desibeli 85 kwa saa 8 za siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unagawanyika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na ukifika 100 ni dakika 15. Huna haja ya kununua kipimo cha kelele ili ujijue. Simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako: kama ni lazima upaze sauti ndipo akusikie, mko karibu na 85 au mmeipita. Kwa jaribio hilo wanaingia watu wa migodini na wa viwanda vya shaba, wachomeleaji na wapiga chuma, wenye mashine za kusaga unga, wanaokaa karibu na jenereta siku nzima, wapiga ngoma na magita kanisani, na vijana wanaosimamia bafle kwenye sherehe. Wote hao wanapimwa wanapoanza kazi, kisha kila mwaka. Ukiwa ulishaanza miaka mingi iliyopita, mwanzo wako ni leo.

Kundi la pili ni la dawa. Streptomisini, kanamisini, amikasini na jentamisini ni dawa za sindano zinazookoa maisha, na zote zinaweza kuua zile chembe za sikio la ndani, bila kurudi. Kanamisini na amikasini zilitumika sana kwa kifua kikuu sugu, mpaka OMS ilipoanza kushauri tiba ya vidonge vitupu kwa wagonjwa wengi, hatua iliyokamilika mwaka 2020. Aliyetibiwa zamani kwa sindano hizo kwa miezi ahesabiwe kuwa na hatari, hata kama alipona vizuri. Sisplatini ya saratani iko kwenye orodha hiyohiyo. Anayeanza dawa za namna hii kwa muda mrefu apimwe kabla, apimwe tena wakati wa tiba, mara nyingi kila mwezi, kwa kuwa daktari akiona namba zinashuka anaweza kubadilisha dozi au dawa mapema. Kwinini ni tofauti: inaleta mlio masikioni na uziwi wa muda, kwa kawaida unapungua dawa ikiisha. Ukiwa umetibiwa malaria kwa kwinini, ngoja wiki chache ndipo upime, la sivyo utaandikiwa upungufu ambao si wako.

Kundi la tatu ni la kisukari, shinikizo la damu, na familia ambazo watu wake huanza kutosikia mapema. Hapa hakuna ratiba moja inayokubaliwa na wote. Mimi huwashauri waanze kwenye 40 na warudie kila baada ya miaka 3 hadi 5, kutegemea namba za kwanza.

Wasiotakiwa kufuata ratiba yoyote

Mtu aliyeamka sikio moja limeziba ghafla, au limekufa ndani ya siku tatu, asiseme atangoja mwezi ujao. Mara nyingi watu hudhani ni uchafu au mafua, wanaweka mafuta, wanangoja. Kama ni sikio la ndani lililopatwa, dawa aina ya predinisoni inasaidia zaidi ikianza siku za mwanzo, na baada ya wiki mbili nafasi inapungua sana. Aende hospitali siku hiyohiyo, aseme wazi: "Sikio hili lilikuwa linasikia jana." Vilevile asingojee ratiba mwenye sikio linalotoa usaha, mwenye mlio wa upande mmoja tu usiokoma, mwenye kizunguzungu kikali pamoja na kutosikia, na aliyekuwa karibu na mlipuko.

Hatua ya pili: mjipime nyumbani kwa mnong'ono

Hiki hakichukui nafasi ya mashine. Kinakusaidia kujua kama usubiri tarehe yako au uende kabla. Mpimwa akae kwenye kiti, chumba kiwe kimya, redio imezimwa. Mpimaji asimame nyuma yake, umbali wa mkono ulionyooshwa, kama sentimita 60, ili midomo isionekane. Mpimwa azibe sikio moja kwa kidole, akibonyeza kile kinyama kidogo cha mbele ya tundu na kukisuguasugua taratibu. Mpimaji atoe pumzi yote kwanza, kisha anong'one vitu vitatu vilivyochanganywa, namba na herufi: "sita, be, nne". Kutoa pumzi ni muhimu, kwani ukiwa na pumzi kifuani mnong'ono unakuwa na nguvu, na kila mtu atafaulu.

Akirudia vyote vitatu sawasawa, sikio hilo limepita. Akikosea, mnong'onee vingine vitatu, tofauti na vile vya kwanza. Katika vile sita, akipata angalau vitatu, amepita. Chini ya hapo, aende akapimwe. Kisha fanyeni upande wa pili kwa namba nyingine. Tumieni lugha anayohesabia kila siku. Mzee anayehesabu kwa Kifaransa sokoni mnong'onee kwa Kifaransa, maana ukimnong'onea kwa lugha nyingine unampima lugha, humpimi sikio.

Mnong'ono unakamata upungufu wa kati, ule mdogo unaupita. Kwa hiyo mfanyakazi wa kelele asiseme "nilipita nyumbani" akaacha kwenda.

Mwenye simu nzuri anaweza kutumia programu ya bure ya OMS inayoitwa hearWHO. Unavaa kaske, unasikia namba tatu ndani ya kelele, unazibonyeza kwenye skrini. Ni kipimo kizuri zaidi, kwa kuwa kinaiga shida halisi ya kusikia maneno kwenye vurugu. Fanyia mahali pa kimya, uchague lugha unayoielewa namba zake bila kufikiri.

Hatua ya tatu: siku ya kipimo chenyewe

Lubumbashi, anza kuuliza kwenye huduma ya masikio, pua na koo, ile watu wanaiita ORL, katika hospitali kubwa kama Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Kabla ya kupanda basi, uliza maswali mawili: mashine ya odiometa inafanya kazi leo? Na anayeitumia yupo? Kuna siku mashine ipo na fundi hayupo, na siku umeme unakataa.

Mfanyakazi wa kelele anapaswa kukaa saa 14 bila kelele kabla ya kipimo. Njia rahisi ni kwenda asubuhi, kabla ya kazi, na usiku uliotangulia usiwe wa ibada yenye bafle. Sikio lililochoshwa na kelele linasikia kidogo kwa saa kadhaa, kisha linarudi. Ukipimwa likiwa bado limechoka, karatasi itasema uongo.

Usijisafishe kwa kijiti cha pamba siku hiyo. Kijiti kinasukuma nta ndani, na nta ikiziba tundu inapunguza usikivu. Mpimaji mzuri huanza kwa kuangalia ndani ya sikio kwa taa. Asipoangalia, mwombe kwa heshima: "Dokta, tafadhali angalia kwanza kama hakuna uchafu." Ukikutwa nao, utolewe, ndipo upimwe.

Kisha unakaa, unavishwa kaske, nyekundu upande wa kulia, bluu upande wa kushoto. Hakikisha mwenyewe. Kaske zikigeuzwa, kila kitu kinaandikwa kwenye sikio lisilo lake, na mwakani mtalinganisha kulia na kushoto. Utasikia mlio, utabonyeza kitufe au utainua mkono hata ukiwa mdogo kiasi cha kutilia shaka. Mpimaji anapunguza nguvu desibeli 10 kila unapojibu, anaongeza 5 kila unaponyamaza, mpaka apate mlio mdogo kabisa unaousikia. Anafanya hivyo kwa milio tofauti: 500, 1000, 2000, 3000, 4000, 6000 na 8000 kwa hezi, namba inayopanda kadiri mlio unavyokuwa mwembamba. Kama muda ni mdogo, 1000, 2000 na 4000 ndizo za lazima kwa uchunguzi wa kwanza. Kwa mtu wa kelele, 3000 na 6000 zisirukwe.

Sikiliza chumba. Kama jenereta inanguruma dirishani, milio minene ya 500 itafunikwa. Ukiona kwenye karatasi yako milio minene imekuwa mibaya masikio yote mawili huku ile ya 2000 na 4000 ni mizuri, shuku chumba kabla ya kushuku masikio.

Hatua ya nne: soma karatasi yako

Karatasi inaitwa odiogramu. Juu kuna sifuri ya desibeli, chini kuna namba kubwa. Alama ikishuka ni mbaya zaidi. Duara jekundu ni kulia, alama ya X ya bluu ni kushoto. Kwa kipimo cha OMS, unajumlisha 500, 1000, 2000 na 4000 za sikio lililo zuri zaidi, unagawa kwa 4. Chini ya 20 ni kawaida. Kuanzia 20 hadi chini ya 35 ni upungufu mdogo, 35 hadi chini ya 50 ni wa kati, na kuendelea.

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 52, mwenye mashine ya kusaga mahindi kule Katuba. Hana malalamiko. Ameletwa na binti yake.

"Baba, tangu lini unafanya kazi karibu na mashine?"

"Tangu kijana. Lakini masikio yangu ni mazima, mwanangu. Nakusikia vizuri."

Ananisikia kweli, kwa kuwa nimekaa mbele yake na chumba ni kimya. Sikio la kulia linatoa 15 kwenye 500, 15 kwenye 1000, 20 kwenye 2000, 35 kwenye 3000, 45 kwenye 4000, 50 kwenye 6000, kisha linapanda hadi 35 kwenye 8000. La kushoto linafanana, baya kidogo zaidi: 15, 20, 25, 40, 50, 50, 40. Ukipiga hesabu ya OMS, kulia ni 15 na 15 na 20 na 45, jumla 95, gawa kwa 4, karibu 24. Upungufu mdogo tu. Mtu akisoma wastani peke yake atamwambia arudi baada ya miaka 5.

Lakini angalia umbo la mstari. Unaenda sawa, unatumbukia kwenye 4000 na 6000, halafu unapanda tena kwenye 8000. Shimo hilo kwa kawaida ni alama ya kelele. Umri peke yake ungeshusha mstari hadi mwisho, 8000 ikiwa mbaya kuliko zote. Mzee huyu anarudi kila mwaka, na vizibo vya masikio vinaanza kesho. Vizibo vya povu vinasongwa kwa vidole viwe vyembamba, sikio linavutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, kizibo kinaingizwa na kushikiliwa mpaka kivimbe. Kikibaki nusu nje hakizuii kitu.

Mwaka unaofuata kulia kunasoma 25 kwenye 2000, 45 kwenye 3000, 60 kwenye 4000. Katika kulinganisha miaka, watu wa afya ya kazi huangalia milio hiyo mitatu: imeshuka 5, 10 na 15, jumla 30, gawa kwa 3, ni 10. Wastani wa 10 au zaidi ndio mpaka wa kengele katika kanuni za Marekani. Hapo unauliza swali moja kabla ya kuogopa: umetoka wapi asubuhi hii? Amesaga tangu alfajiri, amekuja moja kwa moja. Anarudi ndani ya siku 30, baada ya usiku wa kimya, na sasa ni 20, 40 na 50. Kushuka kwake ni 0, 5 na 5, wastani haufiki 4. Tofauti ya 5 kwenye mlio mmoja inaweza kuwa ya kipimo chenyewe, siku moja mtu anajibu haraka, siku nyingine anasita. Kwa hiyo masikio hayajashuka kwa kiasi cha kutisha. Lakini kipimo cha kwanza cha mwaka ule kilituambia jambo jingine la kweli: mashine ile bado inayachosha kwa asubuhi moja tu, maana yake vizibo havivaliwi au havikai vizuri. Tunaomba avivae mbele yetu.

Mke wake, miaka 50, anauza nguo, hana kisukari, hajatibiwa kifua kikuu, dukani kwake hakuna kelele. Alama zake zote ziko chini ya 20. Yeye anarudi akiwa na 55, kisha 60, kisha 65. Baada ya hapo, namba zikiwa nzuri, kila miaka 3 inatosha; upungufu ukianza kuonekana, kila mwaka. Akibadilisha kazi akaenda kumsaidia mumewe kwenye mashine, ratiba hiyo inafutwa, anaanza ya kila mwaka.

Hatua ya tano: karatasi ikae kwako

Kipimo cha kwanza kina thamani zaidi cha pili kikija, na cha pili hakina maana kama cha kwanza kimepotea. Wafanyakazi wengi wa migodi wamepimwa na kampuni zao miaka na miaka bila kuona karatasi hata moja. Wakiacha kazi, hawana cha kuonyesha walianza na masikio ya namna gani. Omba nakala kila mwaka. Kama hawataki kukupa karatasi, omba wakusomee namba, uziandike mwenyewe, sikio kwa sikio, mlio kwa mlio.

Ipige picha kwa simu, uitume kwa mtoto au ndugu mmoja, kwa kuwa simu huibiwa na karatasi hulowa. Nyuma ya karatasi andika mambo manne: tarehe, mahali ulipopimiwa, saa ngapi zilipita tangu kelele ya mwisho, na mwezi na mwaka wa kurudi. Kama inawezekana rudi kwenye mashine ileile. Odiometa hurekebishwa na mafundi mara kwa mara, kawaida kila mwaka, na isiyorekebishwa inaweza kukupa tofauti ya desibeli kadhaa ambayo si ya sikio lako. Ukilazimika kubadilisha mahali, peleka picha ya zamani, umwonyeshe mpimaji baada ya kumaliza kukupima, si kabla, ili asijue mlio gani anautarajia.